Methali katika Utangulizi wa Hotuba

(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa wanachama)



Kamati imetutaka tuseme machache juu ya jambo litupatalo sisi makarani kila tusimamapo mbele ya watu, nalo ni kuanza hotuba kwa methali. Desturi hii ni njema, wala hatuji kuipinga. Tulionalo ni kwamba mara nyingi methali huvikwa hotuba kama kilemba: kikivuliwa, kichwa ni kile kile.

Tutatoa mfano mmoja tuujuao vema. Mwenzetu mmoja, mwanachama wa chama cha kuzikana ambacho hatutakitaja, alitaka kusema juu ya hesabu. Wanachama walikuwa 36, kila mmoja akitoa shilingi 2,000 kwa mwezi. Basi kwa mwaka zilipasa kuingia shilingi 864,000. Rambirambi zilizotolewa zilikuwa tatu, kila moja shilingi 150,000, jumla 450,000. Zilipasa kubaki 414,000. Zilipohesabiwa zikaonekana 296,000. Upungufu ni shilingi 118,000, na hapana aliyeweza kueleza zilikokwenda, kwa kuwa fedha zilipokewa njiani, msibani na hata sokoni, pasipo stakabadhi.

Akatuletea hotuba yake tuitazame. Ilianza hivi: “Ndugu zangu, wahenga walisema, Haba na haba hujaza kibaba. Leo napenda kusema juu ya hesabu za mfuko wetu.”

Tukamwuliza, “Haba ni nini hapa, na kibaba ni nini?” Akajibu kwamba haba ni zile shilingi 2,000, na kibaba ni mfuko. Vema, lakini shida yake si kwamba watu hutoa kidogo kidogo. Shida ni kwamba kibaba chavuja! Methali ile ilihusu fedha, na hotuba ilihusu fedha, naye akadhani zimekutana. Kumbe methali haichaguliwi kwa habari itajwayo, bali kwa neno lile hasa ambalo msemaji ataka watu walikubali. Kama wanachama wangalinung’unika kwamba shilingi 2,000 ni ndogo mno, haiwezi kuzika mtu, hapo kibaba kingalikuwa mahali pake.

Siku ya pili akaja na nyingine: “Siku za mwizi ni arobaini.” Hii ilikaribia zaidi, maana yataja upotevu. Lakini ilikuwa na hatari kubwa kuliko ile ya kwanza, kwa sababu yasema kwamba mwizi yupo. Nani? Mtunza fedha angekuwa ameketi mbele, mzee mwenye mvi, na hapakuwa na ushahidi wowote juu yake. Methali husemwa kwa fumbo, lakini wasikilizaji hulifumbua papo hapo, kila mtu akageuza shingo kumtazama amdhaniaye. Kabla ya kuitamka yafaa kuuliza itamwangukia nani mkutanoni.

Mwishowe akaiona iliyofaa: “Mali bila daftari hupotea bila habari.” Itazameni, Mabwana na Mabibi, jinsi inavyofanya kazi. Nusu ya kwanza yataja sababu, yaani daftari halipo. Nusu ya pili yataja lililotokea, na uzito wote umo katika maneno “bila habari”: mali imekwenda, wala hapana ajuaye siku wala mkono. Hakuna aliyeshitakiwa. Akaandika upya:

“Ndugu zangu, mali bila daftari hupotea bila habari. Sanduku letu halikuvunjwa, lakini shilingi 118,000 hazimo, wala hapana kati yetu awezaye kusema zilitoka lini. Naomba tangu mwezi ujao kila apokeaye fedha aandike stakabadhi saa ile ile.”

Jaribuni kuiondoa methali hapo. Sentensi ya pili yabaki ikining’inia, kwa kuwa “halikuvunjwa” lilikuwa linajibu “hupotea bila habari.” Katika hotuba ya kwanza mngaliweza kuondoa kibaba, na hesabu zisingaliguswa. Tazameni tena kwamba hakuieleza methali yake. Ikiwa msemaji alazimika kusema, “Maana yake ni kwamba…,” basi ama wasikilizaji hawaijui, ama haikufaa.

Mwenzetu alitamani kuongeza methali mbili zaidi, tukamkataza. Tena tulimwonya asiifanye methali kuwa ushahidi, kwani kila moja ina ya kuijibu: mmoja akisema “Haraka haraka haina baraka,” mwingine atajibu “Ngoja ngoja yaumiza matumbo,” na mkutano ukawa mashindano. Ushahidi wake ulikuwa zile tarakimu, akaziandika ubaoni.

Hotuba ile haikupita dakika sita. Wa kwanza kuiunga mkono alikuwa mtunza fedha mwenyewe, akaomba anunuliwe vitabu viwili vya stakabadhi, kimoja cha kukaa nyumbani na kimoja cha kutembea nacho.