Uliomba Nini Hasa? Lalamiko, Swali na Ombi Katika Barua Moja

(Haya ni maelezo niliyoyatoa kwenye semina ya vijana wa kata yetu. Walioikosa wameniomba niyaandike, nami nimeyaacha karibu kama nilivyoyasema.)



Nilipewa nusu saa nizungumze juu ya kuandikia viongozi wa vijiji na kata. Sitaanza na sheria, ingawa ndiyo ninayoisoma chuoni. Nitaanza na mbuzi.

Mwaka wangu wa kwanza chuo, nikiwa mbali na nyumbani, mama alinipigia simu jioni moja ya Jumanne. Mgambo wamefika, wamefungua zizi, wameondoka na mbuzi. Wanadai hajalipa mchango wa darasa, shilingi 15,000 kwa kaya. Mama alikuwa amelipa, elfu kumi kwanza, halafu elfu tano. Stakabadhi hakupewa, jina lake liliandikwa tu kwenye daftari.

Kesho yake asubuhi nikamwandikia mtendaji wa kijiji ujumbe wa simu. Ninao mpaka leo, nausoma wote kama ulivyokuwa:

"Shikamoo mtendaji, mimi ni binti wa mama mjane wa kitongoji cha juu, jana mgambo wamekuja nyumbani wamechukua mbuzi wakati mama ameshalipa mchango hela yote na risiti hakupewa, sasa hii michango mmekusanya shilingi ngapi na mbona darasa halijaezekwa mpaka leo, wananchi tumechoka kila siku michango watoto wanakaa chini, msifikiri hatujui haki zetu, na mbuzi mwenyewe ana mimba jamani, naomba mliangalie hili."

Nilijiona nimeandika kweli kweli. Jibu likaja mchana uleule: "Pole sana binti. Malalamiko yamepokelewa, yanafanyiwa kazi." Nikatulia, nikamwambia mama asubiri.

Jumamosi mbuzi akauzwa mnadani.

Nilipompigia mtendaji nikiwa nalia kwa hasira, aliniambia kitu ambacho sijakisahau: "Binti, mbona hukuniomba nimzuie mbuzi asiuzwe? Wewe ulinilaumu tu." Nikarudi kwenye ujumbe. Nimeomba nini? "Naomba mliangalie hili." Basi, akaangalia.

Simtetei mtendaji. Alijua vizuri nilichotaka. Ila ujumbe wangu ulimpa mlango wa kutokea, naye akautumia. Mule ndani mlikuwa na vitu vitatu, akachagua kimoja, kile ambacho jibu lake ni "pole". Hivyo viwili vingine hakuvikataa wala hakuvijibu, na kwa jinsi nilivyoandika, hakuna ambaye angeweza kumwonyesha kwamba hakuvijibu.

Kwa hiyo leo tunajifunza jambo moja tu: kuvitenganisha vile vitatu. Lalamiko, swali na ombi, kila kimoja aya yake.

Utavitambuaje? Usiangalie alama ya kuuliza, wala neno "naomba". Chukua kila sentensi ujiulize: mtu akitaka kuijibu hii kwa uaminifu, atajibu nini?

Akiweza kujibu "ni kweli ilitokea" au "haikutokea", hilo ni lalamiko. Akitakiwa kukupa jina, tarehe, kiasi au karatasi, hilo ni swali. Akitakiwa kusema "nitafanya" au "sitafanya", hilo ni ombi. Na kama hakuna lolote la kujibu, mfano "wananchi tumechoka", hiyo ni hasira. Hasira ni halali kabisa, na sisi tuna mahali pa kuitolea, jukwaani. Kwenye barua inampa msomaji kitu cha kubishania badala ya mbuzi.

Tuupime ujumbe wangu. "Mgambo wamechukua mbuzi wakati mama ameshalipa": lalamiko, lakini halina saa, halina idadi ya mgambo, halisemi mama alilipa lini na kwa nani. "Mmekusanya shilingi ngapi": swali, na ni zuri. "Mbona darasa halijaezekwa": hapa pana mtego. Lina umbo la swali, lakini mimi sikuwa nataka kujua, nilikuwa nasuta. Kanuni yangu ni hii: kama jibu unalijua, au hakuna jibu litakaloridhisha, hilo ni lalamiko lililovaa kanzu ya swali. Ama uligeuze liwe swali la kweli, "fedha iliyokusanywa imetumika kununua nini?", ama uliondoe.

"Risiti hakupewa" nayo ina mtego wake. Ni lalamiko, lakini ndani yake kuna ombi ambalo halijasemwa: apewe stakabadhi sasa. Halafu "mbuzi ana mimba jamani". Nilidhani hapo nimeomba arudishwe, kumbe nimetoa habari za mbuzi tu.

Sasa barua ambayo ningetakiwa kuiandika ile Jumatano ni hii. Majina na tarehe nimeacha:

"YAH: OMBI LA KURUDISHIWA MBUZI ALIYECHUKULIWA JUMANNE, PAMOJA NA LALAMIKO NA MASWALI

1. Lalamiko. Jumanne saa 10 jioni mgambo wawili walifika nyumbani kwa mama yangu, kitongoji cha juu, wakachukua mbuzi jike mmoja mweusi mwenye mimba, kwa madai kuwa hajalipa mchango wa darasa wa shilingi 15,000. Mama alilipa shilingi 10,000 na baadaye shilingi 5,000, zote kwa mjumbe wa kitongoji, aliyeandika jina lake kwenye daftari. Hakupewa stakabadhi.

2. Maswali. (a) Mbuzi amechukuliwa kwa amri ya nani, na kwa uamuzi wa kikao cha tarehe gani? (b) Jina la mama yangu limeandikwaje kwenye daftari la mchango? (c) Mpaka sasa zimekusanywa shilingi ngapi, na zimetumika kununua nini?

3. Maombi. (a) Naomba mbuzi asiuzwe, na arudishwe kwa mama kabla ya Ijumaa saa 10 jioni. (b) Naomba mama apewe stakabadhi ya shilingi 15,000. Kama ombi lolote halikubaliki, naomba nijulishwe kwa maandishi pamoja na sababu."

Mambo yaleyale, ila sasa hebu ijaribu kuijibu kwa "pole, yanafanyiwa kazi". Utaweza kuituma sentensi hiyo, lakini yeyote atakayeziona karatasi hizo mbili pamoja, awe mtendaji wa kata au mkurugenzi wa halmashauri, ataona namba 2 na namba 3 zimerukwa. Hiyo ndiyo faida yenyewe. Aya hazimlazimishi mtu kujibu, ila ukimya wake unaonekana.

Angalieni na vitu vidogo. Ombi liko mwisho kwa sababu linasimama juu ya lalamiko, lakini nimelitaja kwenye YAH, maana lina haraka na wapo wanaosoma YAH peke yake. Ombi lina siku na saa. Na haraka yenyewe, kwamba asiuzwe, nimeiandika kwa maneno, sikumwachia msomaji akisie.

Sasa sheria kidogo, kwenye aya ya maswali. Tunayo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Raia akiomba taarifa kwa maandishi kwenye mamlaka ya umma, anatakiwa kujibiwa ndani ya siku zisizozidi 30. Lakini ombi la taarifa lazima lieleweke unataka taarifa gani. Swali likiwa limefukiwa katikati ya lawama, utahesabu siku 30 kuanzia kitu gani? Likiwa na namba yake, unahesabu tangu siku barua ilipopokelewa. Zipo taarifa ambazo sheria inaruhusu zizuiwe, ila kukataliwa kwa sababu iliyoandikwa ni jibu, na jibu unaweza kulipinga. Ukimya ni mgumu zaidi kuupinga.

Ndiyo maana nasema meseji peke yake haitoshi. Andika nakala mbili, peleka ofisini kwa mkono, yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Kama kuna haraka kama ya mbuzi, tuma na meseji pia, lakini ya ombi tu: "Naomba mbuzi wa mama asiuzwe kabla barua yangu haijajibiwa."

Kamanda mmoja hapa kaniuliza: kwa nini tusiandike barua tatu tofauti? Swali zuri. Kama anayejibu ni mmoja na jambo ni moja, barua moja inatosha, maana ombi bila lalamiko halina msingi. Mkitenganisha watu wa kujibu, tenganisha barua. Ningekuwa namlalamikia mtendaji mwenyewe, lalamiko lingekwenda kwa mtendaji wa kata au kwa mkurugenzi, siyo kwake. Na kama mtu amekupiga au kuiba, nenda polisi ukatoe taarifa, usikae unapanga aya.

Mtataka kujua iliishaje. Nilirudi nyumbani likizo, nikaandika barua ya aina hii. Maswali yalibaki yaleyale, ombi likawa jingine, kwa sababu mbuzi hakuwepo tena: niliomba mama alipwe thamani yake. Walichukua wiki tatu. Swali (b) ndilo lililofungua mambo. Ilibidi daftari litolewe, na jina la mama lilikuwamo, elfu kumi na elfu tano, kwa mwandiko wa mjumbe. Mama alilipwa kiasi ambacho mbuzi aliuzwa pale mnadani. Thamani ya mimba haikuhesabiwa. Swali la shilingi ngapi zimekusanywa walijibu nusu: jumla waliitaja, matumizi hawakutaja. Safari hii niliona nusu iliyokosekana iko wapi, nikaandika tena kuhusu hiyo peke yake, na majibu yakasomwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, mama akiwa amekaa mbele.

Lakini mbuzi hakurudi. Angeweza kurudi ile Jumatano kwa sentensi moja: naomba asiuzwe. Nilikuwa nayo moyoni, kwenye ujumbe haikuwemo.

Sasa toeni simu zenu. Kila mmoja atafute ujumbe mmoja aliomwandikia kiongozi, ukajibiwa "tunalifanyia kazi". Pigia mstari sentensi ambayo jibu lake ni "nitafanya" au "sitafanya". Kama huioni, tunaanzia hapo.