Zamu ya Usiku: Saa Ngapi Umefanya Kazi?

Leo tunahesabu zamu inayovuka usiku wa manane.

Chukua mlinzi wa ghala Tunduma. Daftari linaonyesha ameingia 21:40 na kutoka 06:15. Ukitoa 21:40 kwenye 06:15 hupati jibu, kwa sababu tarehe imebadilika njiani. Basi ongeza 24 kwenye saa ya kutoka: 06:15 inakuwa 30:15. Toa 21:40, unabaki na saa 8 na dakika 35.

Hakiki kwa kugawa usiku sehemu mbili. Kutoka 21:40 hadi 24:00 ni saa 2 na dakika 20. Kutoka hapo hadi 06:15 ni saa 6 na dakika 15. Jumla ni ileile.

Kwenye malipo, usiandike 8.35. Dakika 35 gawa kwa 60, upate takriban 0.58, andika 8.58.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inahesabu usiku kuanzia 20:00 hadi 06:00, na nyongeza yake ni angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Kwa mlinzi wetu, saa za usiku ni 8 na dakika 20.

Tena, angalia simu. Ikinasa mtandao wa Nakonde, inaweza kuonyesha saa ya Zambia, iliyo nyuma kwa saa moja. Ukiingia kwa saa yetu na kutoka kwa yao, umejipunja saa nzima.