Kunyimwa Kibali cha Maji: Barua Inayoweza Kufungua Mlango Tena

Hotuba kwa kamati za maji za vijiji

Mazungumzo ya leo yanahusu barua moja tu. Ni ile barua ambayo kamati ya kijiji huandika baada ya kuomba kibali cha kutumia maji ya mto na kukataliwa.

Tuchukue mfano wa kijiji kilicho upande wa kaskazini-magharibi mwa Mlima Kenya, ambako mito huteremka kuelekea Ewaso Ng'iro. Kijiji kina watu 600 na ng'ombe 200. Kamati iliomba kibali cha kuvuta maji kwa bomba ili watu wanywe, mifugo inywe na hekta 4 za mboga zinyweshwe. Jibu likaja: ombi limekataliwa, kwa kuwa wakati wa kiangazi mto hauna maji ya kutosha kwa kiasi kilichoombwa, na kijiji hakina mahali pa kuhifadhi maji.

Kamati ilikutana jioni hiyo hiyo na kuandika barua kwa mkuu wa tarafa, ambaye wengi bado humwita DO. Barua ilieleza jinsi akina mama wanavyotembea mbali na watoto wanavyochelewa shuleni, kisha ikamwomba mkuu wa tarafa "aamuru kibali kitolewe." Kila neno lilikuwa la kweli, lakini barua haikuweza kubadilisha chochote, kwa sababu mbili.

Sababu ya kwanza ni anwani. Chini ya Sheria ya Maji ya mwaka 2016, kibali cha kutumia maji ya mto, ziwa au kisima hutolewa na Mamlaka ya Rasilimali za Maji, ambayo ni taasisi ya serikali ya kitaifa. Mkuu wa tarafa hana uwezo wa kukitoa wala kubatilisha uamuzi wa Mamlaka. Idara ya maji ya kaunti pia haina uwezo huo; kazi ya kaunti ni huduma ya kuwafikishia watu maji. Mkuu wa tarafa anachoweza kufanya ni kuipeleka barua mbele, kuthibitisha kwamba kamati inajulikana na kuita baraza ikiwa kuna mvutano na majirani. Kwa hiyo barua iandikiwe ofisi ya Mamlaka iliyotoa uamuzi, naye apewe nakala.

Sababu ya pili ni nzito zaidi. Barua haikujibu kile kilichoandikwa kwenye barua ya kukataliwa. Mamlaka haikusema kwamba kijiji hakina shida. Ilisema mto hauna maji ya kiasi hicho wakati wa kiangazi. Ukijibiwa kwa hesabu, nawe jibu kwa hesabu.

Kamati ya mfano wetu ilirudi kwenye daftari. Watu 600, kila mmoja akitumia lita 25 kwa siku, wanahitaji lita 15,000. Ng'ombe 200, kila mmoja akihesabiwa lita 50, wanahitaji lita 10,000. Jumla ni lita 25,000, yaani mita za ujazo 25 kwa siku. Mboga sasa. Kwa makadirio ya kawaida, hekta moja huhitaji kama mita za ujazo 60 kwa siku, kwa hiyo hekta 4 zinataka 240. Ombi zima lilikuwa mita 265, na zaidi ya tisa katika kila kumi zilikuwa za shamba. Kijiji kilikuwa kimelia kiu ya watu, lakini karatasi ilionyesha kiu ya sukuma na nyanya.

Hapo ndipo kamati ilipoona njia. Sheria inayatanguliza maji ya matumizi ya nyumbani mbele ya matumizi mengine yote. Maji ya shamba yana utaratibu wake: anayetaka kumwagilia hutarajiwa kuchota wakati mto umejaa, kisha aweke akiba ya kumtosha siku 90 za ukavu, ili maji machache ya kiangazi yawaachie watu, wanyama na walio chini ya mto. Wafugaji wa Isiolo wanajua vizuri maana ya jambo hilo pale Ewaso Ng'iro inapokauka.

Kwa hiyo kamati iligawa ombi lake mara mbili na kupunguza shamba. Badala ya hekta 4, ilibaki na hekta moja ya umwagiliaji wa matone, iliyokadiriwa mita za ujazo 40 kwa siku. Kwa siku 90 hizo ni mita 3,600. Hilo ni silanga linaloweza kuchimbwa na kutandikwa plastiki, ingawa lazima liwe kubwa kuliko hesabu hiyo kwa sababu jua nalo hunywa. Kama wangeng'ang'ania hekta 4 kwa mtindo wa zamani, wangehitaji akiba ya mita 21,600, mzigo ambao kijiji hakingeuweza.

Sehemu kuu ya barua mpya ilisomeka hivi:

"Tumepokea uamuzi wenu na tumeelewa sababu mbili mlizotoa. Tunaomba ombi letu liangaliwe upya kama ifuatavyo. Kwanza, mita za ujazo 25 kwa siku kwa watu na mifugo, mwaka mzima. Pili, maji ya hekta moja, yatakayochukuliwa wakati wa mvua pekee na kuhifadhiwa kwenye silanga. Tutaweka mita ya kupimia maji mahali pa kuchotea. Tumeambatisha nakala ya uamuzi wenu, hesabu ya matumizi, mchoro wa silanga, kumbukumbu za mkutano wa kijiji, na maoni ya chama cha watumiaji wa maji cha mto huu."

Hayo maoni ya chama cha watumiaji wa maji yana uzito, kwa kuwa ndicho kinachowaleta pamoja watu wa juu na wa chini ya mto. Kamati ikifika Mamlaka na majirani wa chini wakiwa wanapinga, barua nzuri kiasi gani itakwama. Bora mzozo umalizwe kwanza chini ya mti.

Yako mambo mawili ya kuangalia. La kwanza, msichimbe wala kutandaza bomba mkisubiri jibu. Kuchota kwa ndoo mtoni kwa matumizi ya nyumbani, bila mtambo wowote, hakuhitaji kibali. Lakini bomba, pampu au ukuta wa kuzuia maji huhitaji, na kujenga kabla ya idhini ni kosa linaloweza kuharibu ombi zima. La pili, barua hii si rufaa. Mamlaka ikikataa tena, sheria inampa aliyeathirika njia ya kwenda kwa Tribunali ya Maji, na rufaa ina muda wake. Tarehe ya barua ya kukataliwa iandikwe daftarini siku inapopokelewa, na kamati iulize mapema siku ya mwisho ya kukata rufaa ni ipi, isije ikamalizika huku barua bado inasubiri majibu.

Nakala ya kila barua ipigwe muhuri wa kupokelewa, ihifadhiwe kwa katibu, na isomwe kwenye mkutano ili kila mwanakijiji ajue ni lita ngapi zimeombwa kwa jina lake.