Dawa Ikikugeuka: Madhara ya Aina A na Aina B
Mazungumzo kwa wakazi wa Kawangware 46



Leo mada ni moja tu: mtu amekunywa dawa halali, haijapitwa na wakati, wala si bandia, na bado ikamdhuru. Wengi hapa husema "dawa ilinikataa" na kuishia hapo. Lakini dawa humkataa mtu kwa njia mbili zilizo tofauti sana, na ni muhimu kuzitofautisha kwa sababu hatua unayochukua baadaye si ile ile. Mwaka wa 1977 wataalamu wawili wa Uingereza, Rawlins na Thompson, waliziita aina A na aina B. Herufi hizo zilitoka katika maneno mawili ya Kiingereza: la kwanza lina maana ya kilichozidishwa, la pili lina maana ya kilicho cha ajabu. Madaktari wanazitumia hadi leo.

Aina A ni dawa kufanya kazi yake ile ile, ila kupita kiasi. Piritoni hukausha mafua na pia huleta usingizi. Dawa ya presha hushusha presha, na ikishusha sana unaona kizunguzungu ukisimama. Dawa ya sukari hushusha sukari, na hapo ndipo penye hatari kubwa, kwa hivyo tukae hapo kidogo.

Chukueni mfano wa mzee wa miaka 68 anayefanya kazi ya usoja usiku. Ana sukari, na kwa miaka kadhaa amekuwa akimeza kidonge kimoja cha glibenklamidi, miligramu 5, kila asubuhi kabla ya chai. Hajarudi kliniki siku nyingi. Kidonge kikiisha hununua kingine kwenye kemisti. Jioni moja anahisi sukari imepanda kwa sababu mchana alikunywa soda, basi anameza kidonge cha pili na kwenda kazini bila kula. Saa tisa usiku mwenzake anamkuta getini akitokwa na jasho, mikono inatetemeka, anaongea maneno yasiyoeleweka. Mwenzake anafikiri amelewa. Akipimwa kidoleni, sukari ni 2.4, na haifai kushuka chini ya 4.

Hakuna la ajabu hapo. Glibenklamidi hulazimisha kongosho kutoa insulini hata kama tumboni hamna chakula. Vidonge viwili ni nguvu maradufu, na kukosa chakula cha jioni kulimaliza kazi. Kuna na jambo la tatu ambalo halionekani: figo za mtu wa umri huo mara nyingi zimepungua nguvu, na figo ndizo husaidia kuitoa dawa hii mwilini. Kwa hivyo kipimo kilichomfaa akiwa na miaka 60 huenda ni kikubwa mno sasa, hata asipoongeza kidonge.

Mtu wa namna hiyo akiwa bado anaweza kumeza, mpeni vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, mpimeni tena baada ya dakika 15, kisha ale chakula cha kushibisha. Akiwa amezimia, msimtie kitu mdomoni, maana kitaingia kwenye mapafu, mkimbizeni hospitali. Na hata akizinduka na kuanza kutaniana nanyi, apelekwe tu. Nguvu ya glibenklamidi hudumu karibu siku nzima, kwa hivyo sukari inaweza kushuka tena baada ya saa chache akiwa amelala, na hatakuwa na wa kumtazama. Kosa hili hutokea sana: anapewa sukari, anaamka, kila mtu anarudi kulala.

Tazameni dawa ya shida hii ni ipi. Daktari hupunguza kipimo, hupima figo, pengine hubadilisha kidonge. Hakuna anayesema mzee huyu asitumie tena dawa za sukari maishani. Ndivyo aina A ilivyo: hutegemea kiasi, huweza kutabiriwa na mtu anayejua kazi ya dawa, huwapata wengi, na mara nyingi hutulia kiasi kikipunguzwa.

Aina B ni kitu kingine kabisa. Hapa madhara hayafanani na kazi ya dawa, na kipimo cha kawaida kinatosha kumwangusha mtu mmoja huku maelfu wengine wakimeza dawa hiyo hiyo bila neno. Penisilini kumfunga mtu pumzi dakika chache baada ya sindano ni ya aina hii. Lakini ile inayostahili kujulikana zaidi mtaani ni ya septrini, kwa sababu septrini imo karibu kila nyumba. Wengine huinunua vidonge vinne kwa kikohozi au kuhara, wengine huandikiwa kliniki, na watu wanaoishi na virusi vya ukimwi wamepewa kwa miaka mingi kila siku kuwakinga na magonjwa nyemelezi.

Ndani ya septrini mna dawa ya jamii ya salfa. Kwa watu wachache mno, kinga ya mwili huiona salfa kama adui na kuanza kushambulia ngozi ya mtu mwenyewe. Ugonjwa huo huitwa Stivens-Johnson. Kinachowapotosha watu ni saa yake. Hauji siku ya kwanza. Kwa kawaida huanza kati ya siku ya nne na wiki ya nne tangu dawa ianze, pengine dozi imeshaisha na pakiti imetupwa.

Tufuate mama mmoja muuza mboga, kwa mfano. Alimeza septrini siku tano kwa ajili ya kifua. Siku ya kumi na moja anapata homa, koo linauma, macho mekundu. Anadhani ni mafua yamerudi, ananunua septrini tena pamoja na dawa ya maumivu. Siku ya kumi na tatu vinatokea vipele vyekundu kifuani, na ngozi inauma hata nguo ikigusa. Usiku huo midomo inajaa malengelenge, hawezi kumeza mate, na ngozi mgongoni inachubuka kama iliyomwagiwa maji ya moto. Jirani anasema amerogwa, mwingine anasema ni tetekuwanga.

Dalili ya kutenganisha upele wa kawaida na huu ni hizi: homa pamoja na upele, ngozi kuuma badala ya kuwasha tu, na vidonda mdomoni, machoni au sehemu za siri. Ukiona hivyo kwa mtu aliyetumia dawa yoyote ndani ya wiki nane zilizopita, asimeze tena dawa anayoishuku, na aende hospitali siku hiyo hiyo, si kesho. Msipake mafuta wala dawa ya kienyeji juu ya ngozi iliyochubuka. Kati ya wagonjwa kumi wa ugonjwa huu, kama mmoja hufa. Ngozi ikichubuka sehemu kubwa ya mwili vifo huwa vingi zaidi. Wanaopona, baadhi hubaki na makovu machoni. Kwa anayemeza dawa za virusi, neno moja la tahadhari: usiziache zote kwa hofu ukakaa nyumbani, fika kliniki siku hiyo wakuambie ipi iachwe na kwa utaratibu gani.

Kwa mama huyu kupunguza kipimo si jibu. Hata robo ya kidonge ni hatari kwake. Septrini imekwisha kwake maisha yote, na dawa nyingine za salfa za jamii hiyo, kama zile vidonge vitatu vya malaria wanavyopewa wajawazito kule Ziwa na Pwani, asizitumie. Akienda kujifungulia nyumbani kwao Siaya, muuguzi wa huko hatajua lolote asipoambiwa. Ndiyo maana hospitali inapaswa kumpa kadi ya tahadhari yenye jina la dawa na kilichompata, aiweke pamoja na kitambulisho.

Mpaka kati ya A na B, hata hivyo, haujanyooka kama ukuta. Kulikuwa na dawa ya malaria iliyoitwa Lapdap, iliyojaribiwa pia hapa Kenya. Mwaka wa 2008 iliondolewa sokoni kwa kuwa ilivunja chembe nyekundu za damu za watu waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD. Asiyejua upungufu huo angesema ni ajabu, aina B. Anayeujua anaweza kupima damu kwanza na kutabiri nani ataumia. Kwa hiyo mgonjwa asihangaike kuchagua herufi. Kazi yake ni kusema kilichotokea.

Asemee wapi? Bodi ya Famasia na Sumu ilianzisha mfumo wa kitaifa wa kufuatilia madhara ya dawa mwaka wa 2009. Kituo cha afya au kemisti hujaza fomu ya manjano, kwa karatasi au kwenye mtandao wa pv.pharmacyboardkenya.org. Mwananchi naye anaweza kuripoti mwenyewe huko, au apige *271# na kufuata maelekezo. Ripoti husimama kwa miguu minne: mgonjwa, ambaye herufi za kwanza za jina, umri na jinsia zinatosha, dawa inayoshukiwa, kilichotokea, na mtu anayeripoti, ili aweze kuulizwa zaidi. Mguu mmoja ukikosekana, ripoti haiwezi kutumika.

Mguu unaovunjika mara nyingi ni wa pili. Watu huja wakisema "vidonge vyeupe". Basi msitupe pakiti. Iwe na jina la dawa, nambari ya toleo na tarehe ya kuisha. Mkinunua vidonge vichache vilivyokatwa, mwombeni muuzaji aandike jina kwenye bahasha. Kisha andikeni tarehe mbili: siku dawa ilianza na siku madhara yalianza. Kwa mama wa mboga, ile tofauti ya siku kumi na moja ndiyo humfanya mchunguzi aishuku septrini. Tajeni pia kila kitu kingine alichotumia, na dawa za mitishamba zimo.

Hamhitaji ushahidi. Shaka inatosha, na ripoti si mashtaka dhidi ya daktari wala mwenye kemisti. Wachunguzi wa Bodi ndio hupima: je, siku zinalingana, je, hali ilipungua dawa ilipoachwa, kuna ugonjwa mwingine unaoweza kuleta hayo? Swali la nne, kama madhara yalirudi dawa iliporudiwa, hujibiwa tu ikiwa ilishatokea kwa bahati mbaya. Mtu yeyote asimpe mgonjwa kidonge tena ili kuhakikisha. Kutoka hapo ripoti hutumwa, bila jina la mgonjwa, kwenye hifadhi ya Shirika la Afya Duniani iliyoko Uppsala, Uswidi, ambako Kenya ni mwanachama tangu 2010.

Na yule mzee wa getini aripotiwe pia. Aina A hujulikana, ndiyo, lakini wazee watano wa mtaa mmoja wakianguka kwa kidonge kimoja ndani ya miezi michache, huenda tatizo ni jinsi kinavyoandikwa au kuuzwa, na hilo halitaonekana mpaka mtu aandike. Wasioweza kujaza wenyewe wamwone mhamasishaji wa afya wa jamii anayetembelea nyumba zao, au wafike kituo cha afya kilicho karibu na pakiti mkononi.