Kitendawili na Methali Katika Jedwali Moja

Msikilizaji, ukihamishia maelezo ya semi kwenye jedwali la kipera, sifa, dhima na mfano, usiandike tu "kifupi, chenye mafumbo" mbele ya kitendawili. Methali nayo ni hivyo hivyo. Andika utendaji: mtegaji husema "Kitendawili!", hadhira hujibu "Tega!", naye hutega: "Nyumba yangu haina mlango." Jibu ni yai, na wakishindwa hutoa mji. Methali haina mwito huo wala haisubiri jibu. Huchomekwa katikati ya mazungumzo, kuonya au kukata shauri. Wapo wasemao jedwali hugandisha fasihi, kwani methali hiyohiyo huingia kwenye wimbo, hata kwenye kanga. Ni kweli, basi safu ya mfano itaje pia nani anamwambia nani, na wapi.