Shilingi 30 kwa Kila Mtoto: Hesabu ya Jiko la Shule
Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Nimeombwa niseme machache juu ya jiko la shule ya kutwa, na jinsi ya kuwapa watoto chakula kamili cha mchana kwa fedha ambazo haziongezeki. Sitasema juu ya vyakula vya kila namna. Nitachukua shule moja ya mfano yenye watoto 300, ambamo wazazi wamekubaliana kutoa shilingi 30 kwa kila mtoto kwa siku. Yaani shilingi 9,000. Bei nitakazozitaja ni za mfano tu, na kila kamati itaweka mahali pake bei za soko lake.

Jambo la kwanza ni kwamba shilingi 30 si shilingi 30 za chakula. Kuni, maji na ujira wa wapishi wawili huchukua, tuseme, shilingi 7 kwa kila mtoto. Basi zilizobaki ni 23, au shilingi 6,900 kwa siku, na hizi ndizo apasazo mnunuzi kuziandika katika daftari lake. Kamati inayopanga chakula kwa 30 nzima huishiwa kabla ya muhula kwisha, na wakati huo kinachopunguzwa kwanza daima ni maharagwe, kwa kuwa upungufu wake hauonekani. Sahani hujaa vile vile.

Sasa tupike githeri. Kila mtoto apewe gramu 150 za mahindi makavu na gramu 50 za maharagwe makavu. Kwa watoto 300 hizo ni kilo 45 za mahindi, ambazo ni nusu gunia, na kilo 15 za maharagwe. Mahindi kwa shilingi 50 kilo ni 2,250. Maharagwe kwa shilingi 140 ni 2,100. Mafuta na chumvi yenye madini ya joto ni 520. Vitunguu na nyanya ni 450. Sukuma wiki tununue kilo 24, kwani robo yake ni vikonyo na majani mabovu, nasi twataka kilo 18 ziingie chunguni. Hizo ni 960. Jumla ni 6,280, na akiba ya siku hiyo ni 620.

Mtu ataitazama hesabu hii na kusema: maharagwe ni robo tu ya nafaka yote, lakini yanakula fedha karibu sawa na mahindi; tuyapunguze kwa nusu, tuokoe 1,050 kila siku. Hapo ndipo madhara yanapoingia. Protini ya mahindi ina upungufu wa kiini kimoja kiitwacho laisini, ambacho mwili wa mtoto hauwezi kukitengeneza wenyewe, nao hauwezi kukua pasipo hicho. Maharagwe ni tajiri wa laisini. Katika sahani yetu, zile gramu 50 za maharagwe zaleta laisini nyingi kuliko gramu zote 150 za mahindi. Ukiyapunguza kwa nusu, mtoto atashiba, lakini hata ile protini ya mahindi aliyoila hataitumia ipasavyo. Kwa hiyo kipimo cha maharagwe kiwe ndicho cha kwanza kuandikwa na cha mwisho kuguswa.

Lakini kununua si kulisha. Maharagwe yaliyokaa ghalani muda mrefu mahali penye joto na unyevu huwa magumu, na hata yakichemshwa asubuhi nzima hayalainiki. Mpishi huongeza kuni, kisha huongeza magadi. Magadi hulainisha kweli, lakini huharibu vitamini B1. Dawa yake ni kumwomba muuzaji konzi moja kutoka ndani ya gunia, si juu, na kuichemsha nyumbani kabla ya kulipa. Maharagwe yalowekwe usiku kucha, na yale maji yamwagwe. Mahindi makavu huchelewa kuiva, basi yatangulie motoni. Tena maharagwe mekundu hayana budi kutokota kwa nguvu dakika 10 au zaidi kabla ya moto kupunguzwa, kwa sababu yana sumu yake ya asili, na moto mdogo peke yake hauiondoi. Mlaji hutapika na kuhara. Sukuma wiki ioshwe kabla ya kukatwa, iingie mwishoni, isipikwe zaidi ya dakika 10. Vitamini C iliyobaki ndani yake husaidia mwili kuyapokea madini ya chuma yaliyomo katika maharagwe.

Kisha huja upawa. Naona majiko mengi hupotezea hapa zaidi kuliko sokoni. Mpakuaji akianza kwa ukarimu, darasa la mwisho hupata mchuzi. Chagueni kopo moja, na siku ya kwanza mpime ni makopo mangapi yatokayo katika sufuria. Mkigawanya kwa 300 mtajua ujazo wa kila mtoto. Baada ya hapo, ikiwa sufuria ina kuta zilizonyooka, kijiti chenye alama ya nusu chatosha: wakishapakuliwa watoto 150, chakula kiwe penye alama. Na kabla ya kila makopo machache mpakuaji akoroge toka chini, la sivyo wengine watapata punje na wengine maji.

Sina budi kutaja gunia lenyewe. Mwaka 2004, katika sehemu za Makueni na Kitui na jirani zake, watu 125 walikufa kwa sumu ya ukungu wa mahindi iitwayo aflatoksini. Kuchemsha hakuiondoi sumu hiyo, na kuchambua punje mbovu huipunguza tu. Mahindi yapokewe yakiwa makavu. Tieni chumvi kavu kidogo pamoja na mahindi katika chupa kavu, mtikise: chumvi ikigandamana na kioo, mahindi ni mabichi, rudisheni. Ila chupa haionyeshi unyevu mdogo. Kiwango kinachotakiwa ni asilimia 13.5, na chupa hutambua uliozidi 15 hivi, wala haionyeshi sumu iliyokwisha kuingia. Mwenye kipimo cha mashine akitumie. Magunia yakae juu ya mbao, mbali na ukuta.

Watoto huchoka na githeri, na ni haki yao. Akiba ya siku nne, Jumatatu hata Alhamisi, ni shilingi 2,480. Siku ya Ijumaa mchele gramu 120 kwa kila mtoto ni kilo 36. Kwa shilingi 145 kilo ni 5,220. Tukiweka maharagwe, mboga na viungo vile vile, siku hiyo yafika 9,250, imezidi posho yetu kwa 2,350. Akiba yalipa, na shilingi 130 zabaki.

Sasa maharagwe yapande yawe shilingi 180. Kila siku ya githeri yaongezeka 600, na akiba ya siku inabaki 20. Kwanza mnunuzi aulize bei ya kunde, ndengu na mbaazi, ambazo hufanya kazi ile ile kwa mizani ile ile. Zikiwa nazo zimepanda, wali wa Ijumaa uondolewe, tupike githeri siku zote tano, na maharagwe yabaki gramu 50. Watoto watanung'unika, na wazazi wengine watakuja kuuliza; mwenye daftari awafungulie ukurasa wa wiki hiyo.