Mbuzi wa Nyumbani: Tangu Kamba Hadi Sufuria
(Maneno ya afisa mifugo kwa wafugaji, siku ya josho, Longido)

Leo sisemi habari ya chanjo. Nasema habari ya mbuzi anayechinjwa bomani, maana wengi wetu tunakaa mbali na machinjio na hakuna mkaguzi wa nyama atakayekuja. Mkaguzi ni wewe uliyeshika kisu, na ukaguzi unaanza mbuzi akiwa bado amesimama.

Mtazame jioni kabla ya siku ya kuchinja. Anacheua? Anatembea pamoja na wenzake? Kama amejitenga, anatetemeka, anahema kwa shida au anaharisha, mwache huyo, chagua mwingine. Kama ulimchoma dawa siku za karibuni, tafuta ile chupa usome kibandiko. Dawa kama oksitetrasaiklini hubaki mwilini, na kibandiko kinasema ni siku ngapi nyama yake isiliwe. Asiyejua kusoma ampe mtoto wa shule amsomee.

Kisha mfunge kivulini, usimpe majani tangu jioni hiyo, ila maji anywe. Tumbo lililojaa hupasuka kirahisi unapolitoa, na mavi yakimwagika juu ya nyama hakuna maji ya kuyaondoa yote. Tena usimfukuze asubuhi boma zima. Mbuzi aliyechoka na kuogopa ametumia nguvu iliyokuwa kwenye misuli, kwa hiyo nyama yake hubaki nyeusi na ya kunata, na huoza upesi kuliko ya mwenzake aliyetulia.

Sasa niseme lile linalonikosesha usingizi. Mvua zilipoanza mwaka jana niliitwa kwenye boma moja. Walimkuta mbuzi jike amelala, anakata roho, na asubuhi ya jana yake alikuwa mzima. Kijana akawahi kisu ili asife kibudu. Damu ilitoka kidogo, nyeusi, mfano wa lami. Bibi wa boma alikuwa ameikinga kwenye kibuyu. Alipoona muda unapita na damu bado ni maji, akasema ngozi isiguswe mpaka niitwe. Yule bibi aliokoa watu.

Mbuzi mzima damu yake ni nyekundu ya kung'aa, na ukiiacha kwenye chombo huanza kuganda baada ya dakika chache. Mnyama aliyekufa ghafla, tumbo limevimba upesi, damu isiyoganda inatoka puani au nyuma, huyo mhesabu kuwa ana kimeta, hata kama hujui kwa hakika. Usimpasue. Vijidudu vya kimeta vikikutana na hewa hujivika ganda gumu, vikakaa ardhini miaka mingi vikisubiri mifugo mingine, na kuchemsha nyama sufuriani si kinga ya kutegemea. Tulichimba shimo la mita 2, tukamzika na udongo wote uliolowa damu, tukatia chokaa, juu tukaweka miiba na mawe fisi asifukue. Kijana alikuwa na mkwaruzo kidoleni. Siku ya nne pakatoka kipele kisichouma, kikawa kidonda chenye gamba jeusi katikati. Alikwenda zahanati siku ileile, akapewa dawa, akapona. Kilichomponza ni kwamba hakikuwa kinauma, kidogo akipuuze.

Najua nimewaambia mtupe nyama, na nyama ni mali. Lakini mnyama anayekata roho hawi mzima kwa sababu kisu kimemwahi.

Turudi kwa mbuzi wetu mzima. Chinja alfajiri au jua likikaribia kuzama, kwa sababu ya joto, nitaeleza. Osha mikono na visu viwili kwa maji ya moto na sabuni: kimoja cha kuchinjia na ngozi, kingine cha nyama. Kata koo kwa kisu kikali, mishipa mikubwa ya pande zote mbili ikatike. Usivunje shingo wala kuchoma uti wa mgongo kabla damu haijaisha. Mara baada ya kuchinja mning'inize kwa miguu ya nyuma, umwache mpaka damu imalize kudondoka, kama dakika 5 au zaidi. Damu iliyobaki ndani ndiyo chakula cha vijidudu, na nyama yenye damu hunuka mapema.

Unapochuna, mkono unaoshika manyoya usishike nyama. Ukishazoea, ngumi inatosha kutenganisha ngozi na nyama, kisu unakitumia kidogo tu. Kabla ya kutoa tumbo, funga umio kwa kamba. Nyuma, kata kuzunguka tundu la haja kubwa, uvute utumbo kidogo na kuufunga pia. Kinyesi kikigusa nyama, kata kipande hicho ukitupe. Kuosha kwa maji ya lambo kunakitandaza tu.

Viungo vya ndani vitazame mchana kweupe au kwa tochi nzuri. Ini liwe laini na rangi moja. Mapafu yaliyogandana na mbavu, na maji ya manjano kifuani, ni dalili ya homa ya mapafu ya mbuzi. Hiyo haiwashiki watu, lakini mapafu hayo yatupwe na mimi niambiwe, maana kundi lako liko hatarini. Vifuko vya maji kwenye ini au mapafu vimetoka kwa minyoo ya mbwa. Usimtupie mbwa vifuko hivyo, atauleta ugonjwa kwa watoto kupitia kinyesi chake. Choma moto au zika kwa kina. Mafuta na nyama vikiwa vya manjano mwili mzima, au usaha umetapakaa sehemu nyingi, mbuzi mzima hafai. Jipu moja la sindano, kata kwa upana kulizunguka.

Na figo mbichi? Mzee mmoja ameniuliza, nami namheshimu. Mimi nasema ipitishe motoni hadi ndani, na damu ichemshwe.

Kuhusu joto: nyama inatoka kwa mnyama ikiwa ya moto, na hatuna friji. Itundike kivulini penye upepo, vipande visigusane, ufunike kwa chandarua safi kuzuia nzi. Usiirundike juu ya ngozi, wala usiifunge kwenye mfuko wa nailoni ikiwa bado ina joto, itachacha katikati huku juu inaonekana nzuri. Matumbo, ini na figo zipikwe kwanza, siku hiyohiyo. Mwili uliotundikwa usiku wa baridi upikwe asubuhi. Inayobaki ikatwe nyembamba kama kidole, itiwe chumvi, ianikwe. Nyama yenye utelezi, rangi ya kijani au harufu ya uchachu, pilipili haiitibu.

Kuku ni hayohayo kwa udogo. Mnyime chakula usiku mmoja, maji apewe. Akichinjwa, mshike kichwa chini kama dakika 2. Maji ya kunyonyolea yawe ya moto sana lakini yasitokote, yakitokota ngozi inachunika. Toa utumbo bila kuutoboa, tena uangalie nyongo. Kuku wakifa wengi kwa pamoja, shingo zimepinda, usichinje wanaobaki ili kuwala wala kuwapeleka mnadani. Zika waliokufa, nipigie simu, namba yangu imeandikwa kwenye ukuta wa josho.